Mstari mweusi mgongoni mwa kamba: ni nini, na ukiliwa unadhuru?

*"Jumamosi nilinunua kamba kilo moja Feri nikapika mchuzi wa nazi. Nilimenya maganda tu, ule mstari mweusi wa mgongoni sikuutoa. Mama mkwe akasema nimelisha watu uchafu, wifi yangu akasema ule ni mshipa wa damu hauna neno. Wanangu wawili wamekula, mdogo ana miaka 3. Ule mstari ni nini hasa, na una madhara? Na kuna ulazima wa kuutoa?" — Mama wawili, Mbagala*

Dada, kama kamba waliiva, watoto hawana la kuogopa kwa sababu ya ule mstari. Ni utumbo wa kamba, na ndani yake mna chakula alichokuwa amekula kabla hajanaswa, pamoja na mabaki yaliyokuwa yakielekea kutoka. Mama mkwe amepatia kitu chenyewe, wifi yako amepatia matokeo: ni uchafu kweli, lakini ukishapikwa ukaiva haumdhuru mtu mzima wala mtoto. Kuutoa ni suala la ladha na usafi wa mchuzi, na kwa kamba wakubwa nakushauri uutoe.

Tumbo la kamba liko kichwani. Chakula kikishasagwa humo huingia kwenye utumbo mwembamba unaotokea chini ya gamba la kichwa, ukapita mgongoni juu ya nyama katika pingili zote 6, na kuishia chini ya ule mwiba wa katikati ya mkia. Hapo ndipo penye tundu la haja. Kamba wengi wanaoletwa Dar wanavuliwa kwenye maji ya mikoko, delta ya Rufiji kwa upande wa kusini na Bagamoyo hadi Saadani kwa upande wa kaskazini, na wanakula chini kwenye tope: majani yaliyooza, mwani, minyoo midogo, konokono wadogo. Tope na chembe za mchanga zinaingia humo humo, na ndiyo maana mstari huonekana mweusi au wa kahawia. Aliyekula mwani mwingi utumbo wake huelekea kijani. Kamba aliyekaa na njaa, kama wa kufugwa ambaye huachishwa chakula kabla ya kuvuliwa bwawani, anaweza kuonekana hana mstari kabisa. Utumbo anao, ila ni mtupu, na ngozi yake ni angavu mpaka nyama inaonekana kupitia humo.

Ukiuvuta polepole utaona unatoka kama uzi mmoja mzima, na si tope linalomwagika. Mabaki ya chakula ndani ya utumbo wa kamba huwa yamevikwa utando mwembamba sana, tena juu ya utando huo kuna ukuta wa utumbo wenyewe. Kwa hiyo uchafu haujagusa nyama hata kidogo, mpaka wewe uukate kwa kisu au kamba aanze kuharibika. Hilo nitalirudia mbele kwa sababu linasaidia kumtambua kamba aliyelala.

Damu ya kamba haina wekundu. Inabeba hewa kwa madini ya shaba, wakati yetu inatumia chuma, kwa hiyo inaonekana kama maji, au ina usamawati kwa mbali. Mshipa wa damu wa mgongoni upo, tena unapita juu kidogo ya utumbo, lakini kwa macho hutauona. Chochote cheusi unachokiona hapo hakiwezi kuwa damu.

Kuna mistari mingine miwili inayowachanganya watu. Wa kwanza uko upande wa chini wa mwili, katikati ya mizizi ya miguu: mweupe au wa kioo, mwembamba. Huo ni mshipa wa fahamu. Hauna mchanga wala ladha, na kuutoa ni kupoteza muda. Wa pili unastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu wengi wanautupa bure. Kamba jike aliyekomaa ana mayai mgongoni, juu ya utumbo, na mayai hayo yakiiva huwa na rangi ya kijani cha zeituni hadi kijani kizito. Mtu akiona kijani kinene mgongoni anasema huyu kaoza au kajaa kinyesi. Tofauti yake ni rahisi. Utumbo ni uzi wenye unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho, mayai ni mkanda mpana unaotanuka zaidi kwenye pingili ya kwanza karibu na kichwa na kupungua kuelekea mkiani. Utumbo ukipikwa unabaki na weusi wake. Mayai yakipata moto hugeuka rangi ya chungwa na kuwa magumu kidogo, yenye utamu wa aina yake. Yale ni chakula kizuri, yaache. Toa utumbo ulio chini yake tu, ukiweza bila kuyavuruga.

Sasa kwa nini utumbo hauna madhara ukipikwa? Ndani yake mna bakteria wa baharini wengi kuliko kwenye nyama, na wanaohusika hasa ni wa jamii ya vibrio, ambayo ndiyo jamii ya bakteria wa kipindupindu. Wengi wa hawa hukaa baharini kwa kawaida yao, hasa penye maji ya vuguvugu kama ya pwani yetu, hata kama hakuna mfereji wa maji machafu karibu. Lakini hawahimili joto. Kamba akifika nyuzijoto 63 katikati ya nyama, anahesabika ameiva na ni salama, na mchuzi unaochemka una joto zaidi ya hapo kwa mbali. Isitoshe, utumbo uko milimita 2 hadi 4 tu chini ya ngozi ya mgongo, wakati kiini cha nyama kiko ndani zaidi. Moto unaufikia utumbo kwanza. Nyama ikiwa nyeupe mpaka katikati, utumbo umekwisha kuiva zamani.

Kwa hiyo cha kujiuliza kuhusu sufuria yako ya Jumamosi ni kama kamba waliiva. Kata mmoja mnene katikati: nyama iwe nyeupe yenye waridi kwa nje, isibaki sehemu ya kioo iliyo kama utelezi. Kwenye mchuzi wa nazi, kamba wa ukubwa wa kati wakiingia kwenye tui linalochemka wanahitaji kama dakika 4 hadi 5, wale wakubwa dakika 1 au 2 zaidi. Ukiona amejikunja kiasi, mkia umeelekea kichwani lakini haujagusa, ameiva. Akijikaza mpaka akawa duara, amezidi, na nyama itakuwa ya mpira.

Ugonjwa wa vibrio ukitokea, kwa kawaida unaanza ndani ya saa 24, mara chache unachelewa hadi siku 3 au 4: tumbo kusokota, kuharisha maji, pengine kutapika na homa. Kama muda huo umepita na watoto wanacheza, limekwisha. Mtoto wa miaka 3 akiharisha maji mfululizo, mpe maji ya chumvi chumvi ya pakiti, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uwaambie alikula kamba.

Kuna jambo jingine linalosingiziwa mstari huu, na nalitaja kwa sababu una watoto. Mtu akila kamba akawashwa mdomo, akatoka vipele au akavimba midomo, utasikia "hukutoa ule uchafu." Huo ni mzio wa kamba, na kinachouleta ni protini iliyo kwenye nyama yenyewe. Joto la jikoni haliiharibu, na kutoa utumbo hakupunguzi kitu. Kwa kawaida unajitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula. Mtoto aliyetokewa hivyo asipewe tena kamba hata wakisafishwaje, wala kaa na kamba koche, mpaka aonwe na daktari. Akibanwa pumzi, ni hospitali mara moja.

Mahali ambapo utumbo unaweza kweli kuleta maradhi ni kabla ya moto, na hapo wanaojitahidi kusafisha ndio wanaoteleza. Ukimpasua kamba mgongoni kwa kisu na ukakata utumbo, vile vilivyokuwa vimefungwa ndani ya utando vinapaka kisu, ubao na vidole. Kamba atakwenda kwenye moto na kusafika. Kisu kikienda kwenye nyanya za kachumbari, kachumbari haiendi kwenye moto. Kata kachumbari yako kwanza, iweke pembeni, ndipo uwashike kamba; au osha kila kitu kwa sabuni kabla ya kubadili kazi. Ukiniuliza, mpishi aliyeacha utumbo akaivisha vizuri amelisha watoto chakula salama zaidi kuliko aliyeutoa akakatia kachumbari kwenye ubao ule ule.

Na ndimu isikudanganye. Kamba mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu nyingi hugeuka mweupe kama aliyepikwa, kwa sababu ukali wa ndimu unakaza nyama, lakini bakteria wanaweza kubaki hai. Kugandisha kwenye friza pia hakuwamalizi. Ndimu ni ya harufu na ladha, kazi ya kuua ni ya moto.

Basi kama uhai wa mlaji hautegemei kuutoa, kwa nini usumbuke? Kwa sababu ya mchanga, kwanza. Kamba mkubwa aliyejaa ukimtafuna utasikia chembe kwenye meno, na mchuzi wa tui ulio mlaini unaonyesha kosa hilo kuliko mapishi yoyote. Pili, utumbo uliojaa una uchungu kidogo na harufu ya tope la mikoko. Kipimo changu ni ukubwa. Kamba walio chini ya 30 kwa kilo, toa bila kujadili. Kati ya 30 na 70, toa kwa wale unaowaona weusi, wenye mstari angavu waache. Wadogo zaidi ya hapo, utumbo wao ni kama unywele, na ukianza kuwapasua utabaki na vipande visivyo na umbo. Uduvi, wabichi au wakavu, tunawala wazima na kichwa na utumbo wao wote.

Tuchukue kilo yako moja, tuseme kamba 45 wenye vichwa. Toka Feri hadi Mbagala kwenye daladala la mchana ni muda wa kutosha kuwaharibu, kwa hiyo waombe wakuwekee barafu, au nenda na chombo chenye chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Barafu ikaribiane na uzito wa kamba. Ukifika, usiwaache kwenye beseni sakafuni ukaanza kukuna nazi. Wabaki kwenye barafu au jokofu, na utoe kumi kumi kadiri unavyosafisha.

Anza na kichwa. Shika kiwiliwili kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, kizungushe kidogo kisha kivute polepole kwa mstari ulionyooka. Kwa kamba mbichi sana, mara nyingine utumbo mzima unafuata kichwa, maana umeunganika na tumbo lililo humo, na kazi yako imeisha. Ukivuta kwa pupa unakatikia shingoni.

Kama haukufuata, tumia kijiti cha meno. Mkunje kamba ili mgongo ujinyooshe na gamba liachane kwenye maungio. Hesabu pingili toka kichwani, na kati ya ya pili na ya tatu penyeza kijiti kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kina cha milimita 3 hivi, kipite chini ya mstari. Nyanyua taratibu. Uzi utainuka kama kitanzi. Ushike kwa kidole na kijiti, uvute kwanza upande wa kichwani, kisha wa mkiani. Ukikatika, rudia pingili mbili mbele. Kwa njia hii gamba linabaki mahali pake, jambo zuri kwa kamba wa kuchoma kwenye mkaa, kwa sababu gamba linazuia nyama isikauke. Ukizoea, kamba mmoja anachukua sekunde 10 hadi 15, kwa hiyo kilo nzima ni dakika 10 na ushei.

Kwa mchuzi, ambapo maganda yanatoka, unaweza kutumia kisu kidogo chenye ncha kali. Menya kwanza, kisha chora mgongoni toka juu hadi karibu na mkia, kina cha milimita 3 tu. Utauona utumbo umelala kwenye mfereji wake. Uchokoe kwa ncha, uutoe. Ukizamisha kisu mpaka nusu ya nyama, kamba atafunguka kwenye moto, atapoteza maji yake na kukauka upesi. Pingili ya mwisho utumbo umezama zaidi kuliko kwingine, na kipande kidogo kinaweza kubaki hapo. Kiache, usiharibu mkia kwa ajili yake.

Suuza mara moja kwenye maji baridi yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kisha wachuje na wakaushe kwa kitambaa safi. Usiwaloweke kwenye maji matupu wakati unatafuta vitunguu: nyama ya kamba inafyonza maji, inakuwa tepetepe, halafu inayamwaga yote kwenye tui na mchuzi unakuwa mwepesi. Kwenye kilo moja yenye vichwa, usishangae ukibaki na nyama tupu ya kama nusu kilo. Kichwa peke yake ni zaidi ya theluthi ya uzito.

Kwa wale waliogandishwa, usisubiri wayeyuke kabisa. Watoe wakiwa bado na ugumu kidogo ndani, gamba likikubali kukunjika. Utumbo ungali mgumu na unachomoka mzima. Wakiachwa mezani mpaka wakalegea, utumbo nao unalegea na kukatikakatika.

Hapo ndipo lile la uzi mzima linarudi. Kamba akifa, vimeng'enya vya mmeng'enyo vilivyo kichwani na tumboni haviachi kazi. Vinaanza kumla yeye mwenyewe. Ukuta wa utumbo unadhoofika, na nyama iliyo karibu na kichwa inakuwa laini kama uji. Kwa hiyo ukimsafisha kamba, utumbo ukawa unapasuka kila unapogusa, unapaka kahawia mfereji wote wa mgongo, na pingili ya kwanza inabonyea chini ya kidole, huyo hakukaa kwenye barafu ya kutosha. Angalia na dalili nyingine: kichwa kinaning'inia kabla hujakivuta, na harufu inapanda puani kama mkojo. Huyo mtupe, hata kama mstari wake umetoka safi. Weusi kwenye maungio ya gamba na kichwani peke yake ni kitu kingine, gamba linabadilika rangi kwa hewa, kama tufaha lililokatwa. Si sumu, ila inakuambia kamba amekaa, basi mnuse vizuri kabla hujamlipia.

Siku nyingine ukiwa na haraka na kamba ni wabichi, menya, chemsha mchuzi, ivisha, na usimnyime mtoto kwa sababu ya mstari. Watakaobaki waingie jokofuni ndani ya saa 2, na kesho wapashwe mpaka tui lichemke tena. Vichwa vyao usivitupe kama vilikuwa imara na vikavu: vikaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, tia maji vikombe 3, chemsha dakika 15 na uchuje kwa kitambaa. Maji hayo yatumie badala ya maji matupu kwenye tui la pili, na mama mkwe atauliza umetia nini.